Laki Moja Iliyopotea Kati ya Ankara na Benki

Ijumaa moja mwanzoni mwa Juni niliingia kwenye karakana ya samani ninayoitunzia hesabu pale Keko, Dar es Salaam, nikakuta watu wameninyamazia. Msumeno umezimwa. Mwenye karakana, mzee mmoja mcheshi kwa kawaida, alikuwa amekaa kwenye benchi la kupigia randa, simu mkononi, uso umekunjamana. Mpwa wake, anayeshika ile simu ya Lipa Namba, alisimama mbali kidogo kama mtu aliyeambiwa asiondoke. Na mezani, mbele ya kompyuta, alikaa binti wa chuo aliyekuja fildi ya wiki nane, ameshaandika barua ya kudai deni na anasubiri ruhusa ya kuituma.

"Kuna laki moja imeliwa," mzee akaniambia kabla sijamaliza kumwamkia. "Ama shule wametupunja, ama huyu hapa."

Ilituchukua kama saa mbili kuipata hiyo laki. Haikuwa imeliwa na mtu. Ilikuwa imegawanyika vipande viwili, kila kipande na karatasi yake, na karatasi zote zilikuwa humohumo karakanani. Naieleza kazi hiyo yote toka mwanzo kwa sababu vijana wengi wanaokwenda fildi kwenye biashara ndogo hupewa kazi hizihizi mbili siku ya kwanza: "Tengeneza ankara," na "andika kwamba wamelipa." Zinaonekana nyepesi. Ya pili hasa ndiyo inayowaumbua.

Mteja alikuwa shule moja ya binafsi. Mwezi Aprili waliomba profoma, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza huanzia, maana profoma inafanana na ankara kama pacha. Ina majina yaleyale, bidhaa zilezile, jumla ileile. Lakini profoma ni bei tu iliyowekwa kwenye karatasi ili mteja aamue, au apeleke kwa mkubwa wake akaombe idhini. Haidai mtu chochote na haiingii kwenye vitabu. Ankara inasema jambo jingine kabisa: mzigo umekwenda, au kazi imefanyika, na sasa unatudai hapana, sisi ndio tunaokudai, kiasi hiki, mpaka tarehe hii. Binti wetu alikuta kwenye kompyuta faili la profoma, akabadilisha neno moja juu ya ukurasa, akaona ankara imekamilika. Si kosa kutumia faili lilelile. Kosa ni kudhani kwamba kilichoagizwa Aprili ndicho kilichopokelewa Mei.

Oda yenyewe ilikuwa hivi: madawati 20 ya wanafunzi wawiliwawili, fremu ya chuma na mbao ya paini, kila moja 95,000, makabati mawili ya vitabu, kila moja 320,000, na usafiri wa kirikuu, 60,000. Tarehe 6 Mei shule walitoa advansi ya 1,000,000 kwa Lipa Namba ili mafundi wanunue chuma. Tarehe 20 Mei mzigo ukapelekwa. Tarehe 21 binti akaandika ankara.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na jumla ya 3,068,000. Nilipouliza, alinijibu kwa ujasiri wa mtu aliyefaulu mtihani: "Nimeweka VAT, asilimia 18." Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, 468,000 juu ya 2,600,000. Ila karakana hii haijasajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa Tanzania Bara, tangu Julai 2023, biashara ya kawaida hulazimika kusajiliwa mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Zamani kiwango kilikuwa milioni 100. Asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja kodi hiyo, wala kuandika juu ya karatasi yake "ankara ya kodi". Darasani mifano mingi ina VAT ndani yake, kwa hiyo mwanafunzi huizoea kama chumvi kwenye mboga. Njia ya haraka ya kujua ni kuangalia nyaraka za biashara: kama kuna TIN peke yake na hakuna namba ya usajili wa VAT, ile VRN, usiweke. Na ukikuta hakuna anayejua, uliza kabla ya kuchapa, kwa sababu mteja akishalipa kodi isiyostahili, kumrudishia ni aibu na kutomrudishia ni hatari.

Tukaifuta hiyo 18%, na ankara iliyotoka ikawa hivi:

```
ANKARA Na. 047
Tarehe: 21 Mei
Kwa: (jina la shule, anwani, TIN yao)
Kutoka: (jina la karakana, Keko, simu, TIN)
Oda: profoma Na. 031

Maelezo                        Idadi     Bei      Jumla
Dawati la watu wawili,
fremu ya chuma, paini            20    95,000   1,900,000
Kabati la vitabu, milango 2       2   320,000     640,000
Usafiri hadi shuleni              1    60,000      60,000

Jumla                                           2,600,000
Toa: advansi ya 6 Mei                           1,000,000
Salio la kulipwa                                1,600,000

Lipa kabla ya: 4 Juni
Lipa Namba: ......   Jina litakalotokea: ......
Tafadhali andika "Ankara 047" unapolipa
```

Tuikague kidogo. Namba ya ankara hufuata mfululizo bila kuruka. Ukiharibu ya 047 kabla haijatoka, unaiandikia IMEFUTWA, unaihifadhi mahali pake, na kwenda 048. Pengo kwenye mfululizo ni swali ambalo siku moja mtu atauliza, na wewe utakuwa umesharudi chuoni. Maelezo ya bidhaa yaandikwe kwa namna ambayo mhasibu wa shule, ambaye hajawahi kufika Keko, ataweza kulinganisha na kile alichokiona kikishushwa getini. "Samani mbalimbali" si maelezo, ni mwaliko wa ugomvi.

Advansi ionekane juu ya ankara. Wapo wanaoandika ankara ya salio tu, 1,600,000, wakidhani wanarahisisha. Mteja akiiona hiyo hajui kama milioni yake imekumbukwa au la, na wewe miezi sita baadaye ukiulizwa kazi ya shule ile ilikuwa ya shilingi ngapi, ankara inakujibu uongo. Bei kamili iandikwe, kisha kilicholipwa kitolewe, kisha salio.

Na lile jina litakalotokea. Mtu akilipa kwa Lipa Namba, simu humwonyesha jina la biashara kabla hajaweka namba ya siri. Karakana nyingi zimesajili Lipa Namba kwa jina la mwenyewe, au jina la zamani la duka. Mhasibu wa shule akiona jina asilolijua hughairi, malipo yanachelewa wiki nzima, na karakanani watu wanasema shule ni wasumbufu. Mstari mmoja kwenye ankara unamaliza hilo.

Ankara ilikuwa nadhifu. Niliisifu hata mimi. Ilikuwa na kosa la shilingi 95,000 ndani yake, na hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutazama dilivari.

Dilivari ndiyo hati ya kukabidhi mzigo. Kwenye karakana hii ni kitabu kidogo chenye karatasi za kaboni. Ya juu hubaki kwa mteja, nakala hubaki kitabuni. Msimamizi wa mafundi ndiye hukaa na kitabu, na kitabu hukaa ndani ya kirikuu, chini ya kiti cha dereva, pamoja na jeki na chupa ya maji. Binti hakuwa ameambiwa kwamba kipo. Aliandika ankara kutoka kwenye kaunta buku ya oda, ambako kwa wino mzito wa mzee mwenyewe kulikuwa na "madawati 20".

Nakala ya dilivari ya tarehe 20 Mei, tulipoivuta kutoka chini ya kiti, ilisema: madawati 20, makabati 2, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, "Pokea 19. Moja limerudi, mguu umeachia." Sahihi, muhuri wa shule. Dawati lenyewe lilikuwa nyuma ya karakana, limeegeshwa ukutani; nilikuwa nimelipita kila Ijumaa nikidhani linasubiri rangi. Mshono wa kuchomelea kwenye mguu mmoja ulikuwa umefunguka.

Msimamizi, tulipomwita, alishangaa tunachoshangaa. "Mbona mashine nilipiga ya kumi na tisa?"

Na kweli. Karakana ina ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, EFD. Advansi ya 6 Mei ilitolewa risiti yake ya 1,000,000 siku hiyohiyo. Tarehe 20 msimamizi alikwenda na mashine kwenye gari, na baada ya dawati kukataliwa alifanya hesabu papo hapo: madawati 19 ni 1,805,000, makabati 640,000, usafiri 60,000, jumla 2,505,000, toa milioni iliyokwisha kutolewa risiti, inabaki 1,505,000. Akachapa risiti ya kiasi hicho, akamkabidhi mhasibu wa shule. Mtu asiyejua debiti wala krediti alikuwa amefanya hesabu sahihi kuliko sote.

Nitasema kidogo juu ya mashine, kwa sababu mwanafunzi wa fildi mara nyingi huonyeshwa vitufe vyake lakini haonyeshwi hatari yake. Risiti ya mashine haifutwi kwa kalamu. Ikishatoka, kiasi chake kimeingia kwenye hesabu ya siku, ile ripoti ya zedi, na taarifa zake zimekwenda TRA. Kosa linalotokea sana kwenye kazi zenye advansi ni kuchapa 1,000,000 siku ya advansi, halafu siku ya kumalizia kuchapa bei yote, 2,505,000. Karatasini karakana inakuwa imeuza samani za 3,505,000 kwa shule ambayo imetoa 2,505,000. Kanuni niliyompa binti ni ya kujumlisha tu: kazi moja, risiti zake zote za mashine zikusanywe, jumla yake ilingane na bei ya kile mteja alichopokea. Zikizidi, simama, mwambie mwenye biashara siku hiyohiyo.

Basi shule walikuwa na karatasi tatu mkononi: dilivari ya madawati 19, risiti ya mashine ya 1,505,000, na ankara 047 inayodai 1,600,000. Mhasibu wao alifuata mbili zilizokubaliana. Tarehe 2 Juni akalipa 1,505,000. Hakupiga simu kueleza, na simlaumu sana, kwa jinsi anavyoona yeye sisi ndio tuliorudi na dawati.

Hapo kipande cha kwanza kikapatikana: 95,000. Zikabaki 5,000 za kutafuta, na mpwa bado amesimama.

Binti alikuwa ameandika malipo kwa kufuata ujumbe uliokuwa kwenye simu ya mzee, na ujumbe huo ulitoka benki: zimeingia 1,500,000, tarehe 3 Juni. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa shule akaandika "wamelipa 1,500,000, baki 100,000," na akaanza barua ya kudai. Mtu yeyote angefanya hivyo. Benki ina muhuri wa kuaminika. Ikisema kitu tunanyamaza. Ila swali la kujiuliza ni hili: mteja alilipa wapi? Shule hawakulipa benki. Walilipa Lipa Namba. Benki ilionyesha safari ya pili ya fedha zilezile, kutoka mfuko mmoja wa karakana kwenda mfuko mwingine.

Nikamwomba mpwa simu. Ujumbe wa tarehe 2 Juni ulikuwapo: zimepokelewa 1,505,000, jina la mlipaji, saa, na namba ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu. Ujumbe wa tarehe 3 ukafuata: 1,500,000 zimehamishiwa benki, ada ya kuhamisha 5,000, salio sifuri. Kijana alikuwa ameambiwa na mjomba wake "peleka zote benki," akapeleka zote zilizoweza kwenda baada ya ada. Mzee alizisoma jumbe zote mbili kwa sauti, mara mbili, kisha akamwambia mpwa wake akae. Ndivyo alivyoomba radhi.

Ile 5,000 haihusiani na shule kwa njia yoyote. Ni gharama ya karakana ya kujisogezea fedha zake, kama nauli. Ukiandika kwamba mteja amelipa 1,500,000, unakuwa umembebesha deni la shilingi 5,000 ambalo halijui, na litakaa kwenye ukurasa wake mwaka mzima, kila mwezi likiongezewa na jingine. Nimewahi kukuta biashara ya vifaa vya ofisi yenye wadaiwa zaidi ya arobaini, kila mmoja akidaiwa elfu mbili, elfu tatu, elfu saba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anadaiwa. Zote zilikuwa ada.

Tulipofika hapo tukaanza kuandika upya, na niliacha binti ashike kalamu. Kwenye biashara ndogo kama hii kuna sehemu mbili za kuandika zinazotosha. Ya kwanza ni ukurasa wa mteja, ambao unajibu swali moja tu: anadaiwa ngapi leo? Ya pili ni daftari la fedha, linaloonyesha kilichoingia na kilichotoka kwenye kila mfuko: keshi, Lipa Namba, benki. Ankara ikitoka huandikwa kwenye ukurasa wa mteja peke yake. Haigusi daftari la fedha, kwa sababu hakuna fedha iliyosogea. Malipo yakiingia huandikwa pande zote mbili: deni la mteja linapungua, mfuko unaongezeka. Waliosoma uhasibu watanikumbusha debiti na krediti, na ni kweli ndizo hizohizo; lakini karakanani nimeona ukisema "deni limepungua, mfuko umeongezeka" hata msimamizi anakusahihisha ukikosea.

Kabla ya kuandika malipo, ilibidi kuishughulikia ankara yenyewe. Binti alitaka kuifungua kwenye kompyuta, abadilishe 20 kuwa 19, aichape tena kwa namba ileile. Nilimshika mkono. Ankara 047 ilishatoka. Shule wana nakala yao inayosema 1,600,000. Ukibadilisha ya kwako kimyakimya, kutakuwa na ankara 047 mbili duniani zisizofanana, na siku ya ukaguzi kila upande utaapa kwamba ya kwake ndiyo. Karatasi iliyokwisha kutoka hurekebishwa kwa karatasi nyingine. Tukaandika hati ya kupunguza deni, yenye mfululizo wake wa namba, mbali na ankara: Na. 003, tarehe ya Ijumaa ile, 6 Juni, "kupunguza ankara 047: dawati 1 lililorudishwa 20 Mei kwa dilivari, 95,000." Nakala moja shuleni, moja kwenye faili, imebanwa pamoja na ile nakala ya dilivari.

Ukurasa wa shule ukasomeka hivi:

```
Tarehe   Maelezo                       Deni      Malipo       Baki
6 Mei    Advansi, Lipa Namba                   1,000,000  -1,000,000
21 Mei   Ankara 047               2,600,000                1,600,000
2 Juni   Lipa Namba, muamala ...               1,505,000      95,000
6 Juni   Hati ya kupunguza 003                    95,000           0
```

Mstari wa kwanza una alama ya kutoa mbele ya milioni, na binti aliuliza kama ni kosa. Si kosa. Kati ya 6 na 20 Mei shule ndio waliokuwa wanatudai: wametoa fedha, hawajapata dawati hata moja. Advansi iliyopokelewa kabla ya kazi ni fedha ya mtu iliyo mikononi mwako. Mzee alikuwa na mazoea ya kuihesabu kama mauzo siku hiyohiyo, kisha ankara ikitoka anaihesabu tena nzima, na mwisho wa mwezi anashangaa mauzo makubwa na mfuko mtupu.

Daftari la fedha nalo likapata mistari yake. Mfuko wa Lipa Namba: 2 Juni, zimeingia 1,505,000 kutoka shule, ankara 047. Halafu 3 Juni zimetoka 1,500,000 kwenda benki, zimetoka 5,000 ada ya muamala, salio sifuri, sawasawa na ujumbe wa simu. Mfuko wa benki: 3 Juni, zimeingia 1,500,000 kutoka Lipa Namba. Ukisoma pande zote tatu, laki moja yote inaonekana ilipokaa: 95,000 kwenye dawati lililoegeshwa ukutani, na 5,000 kwenye ada.

Angalia tarehe. Malipo ya shule yameandikwa 2 Juni, siku yalipoingia Lipa Namba, ingawa mzee aliyaona benki tarehe 3. Kwa tofauti ya siku moja unaweza kudhani nachagua mambo ya kulalamikia. Lakini mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 4. Mteja anayelipa tarehe ya mwisho, fedha zikahamishiwa benki siku ya pili yake, kwenye kitabu chako ataonekana mchelewaji.

Na namba ya muamala iandikwe yote, herufi kwa herufi. Ndiyo itakayokuokoa wateja wawili wakilipa kiasi kilekile wiki moja, au mtu akikuonyesha simu yake na kusema "nimeshatuma." Hili la mwisho nalisema kwa vijana wa fildi hasa, kwa sababu matapeli huwachagua wao. Ujumbe kwenye simu ya mteja si malipo. Picha ya ujumbe si malipo. Hata ujumbe kwenye simu ya karakana uutazame umetoka wapi, maana kuna wanaotunga maneno yaleyale na kuyatuma kutoka namba ya kawaida. Ingia kwenye menyu ya Lipa Namba, angalia salio au miamala ya mwisho; kama ile namba ya muamala haimo, hakuna fedha, na mzigo usipande kwenye gari.

Binti akaniuliza swali zuri: je, shule hii ingekuwa ya serikali? Hapo upungufu ungeweza kuwa na sababu ya tatu. Taasisi za serikali zinaponunua bidhaa hukata kodi ya zuio ya 2% kwenye malipo na kuipeleka TRA kwa niaba ya muuzaji. Kwenye 2,505,000 hiyo ni 50,100. Mfukoni zinaingia pungufu, lakini mteja hadaiwi tena, na karakana haijapoteza: imelipa sehemu ya kodi yake ya mapato mapema. Ukurasa wa mteja utakuwa na mstari wa fedha zilizoingia na mstari wa kodi ya zuio, vyote vikipunguza deni mpaka sifuri. Kinachotakiwa kufuatiliwa ni hati ya zuio kutoka kwa aliyekata. Bila hati hiyo, mzee atapata taabu kuonyesha kwamba 50,100 zake zilikwishafika. Kwa hiyo fedha zikiingia pungufu usianze na barua ya kudai, wala usianze na kuandika "imelipwa yote" ili ukurasa ufungwe. Chukua tofauti yenyewe, uitafutie karatasi. Tofauti ya 95,000 ni bei ya dawati moja. Ukiijua bei ya bidhaa zako utaitambua kabla hujapiga simu. Tofauti inayolingana na 2% inanukia zuio. Ndogo na isiyo na mpangilio, mara nyingi ni ada. Yetu ilisumbua kwa sababu mbili ziliungana zikawa namba ya mviringo, na namba ya mviringo watu huisoma kama wizi.

Barua ya kudai ilifutwa. Badala yake binti alimpigia mhasibu wa shule. "Shikamoo mama. Napiga kutoka karakana ya Keko, kuhusu ankara 047." Upande wa pili ukaanza kujitetea kabla hajamaliza. "Hapana mama, mmelipa sawa. Sisi ndio tuliandika ishirini badala ya kumi na tisa. Nawaletea hati ya kurekebisha." Kimya kidogo, kisha akaulizwa lile dawati la ishirini linakuja lini, maana kuna watoto wawili wanakaa kwenye kiti cha mwalimu.

Lilichomelewa Jumatatu. Mzee hakutaka kutoza usafiri wa safari ya pili. Msimamizi alipokuwa akilipakia kwenye kirikuu, binti alitoka nje akamwomba kitabu cha dilivari, akasubiri jioni mpaka kiliporudi na sahihi, ndipo akakaa kwenye kompyuta: ankara Na. 051, dawati 1, 95,000. Risiti yake ya mashine ilikuwa imeshatoka shuleni, na aliibana kwenye nakala. Fildi yake ilipoisha, ukurasa wa shule ulikuwa bado unasoma baki 95,000, zikiwa zimesalia siku nne kabla ya tarehe ya kulipa.